Kikao cha saa moja, watu tisa: ajenda ipangwe vipi?

"Mimi ni katibu wa kamati ya wakazi wa jengo letu hapa Tudor, Mombasa. Nyumba ni 24, wanakamati tuko tisa. Tunakutana Jumapili moja kila mwezi baada ya swala ya Alasiri. Tulikubaliana kikao kiwe cha saa moja, lakini Magharibi hutukuta papo hapo. Nilijaribu kuipa kila ajenda dakika kumi, wazee wakaona ninawafukuza. La kuudhi zaidi, kila mwezi tunabishana kama jambo liliamuliwa au halikuamuliwa. Pampu ya maji tumeizungumza vikao vitatu na bado tunanunua maji ya boza. Niipange vipi ajenda?"

Ndugu katibu, kabla hujaigusa ajenda chukua karatasi upige hesabu. Mko tisa. Kila mmoja akisema dakika mbili tu kuhusu pampu, dakika 18 zimekwenda na bado hakuna aliyemjibu mwenzake. Ongeza dakika tatu za kueleza bei na tatu za kukubaliana maneno ya uamuzi, unapata 24. Jambo moja limekula karibu nusu ya kikao, na hapo hakuna aliyepiga porojo wala aliyekuja amechelewa. Kwa hiyo saa moja ya watu tisa hubeba maamuzi mawili mazito, na kwa shida matatu. Ukiandika ajenda tisa, umeshapitiliza muda tangu siku ile uliyoziandika.

Nalitanguliza hili kwa sababu makatibu wengi hudhani kikao hurefuka kwa ajili ya wasemaji. Wasemaji wamo, sikatai. Lakini hata mkiwa wote watu wa maneno machache, hesabu haitakubali. Ndiyo maana dakika kumi kwa kila ajenda hazikufaa, na hapo wazee wako wana haki yao. Suala la taka lilihitaji dakika nne, likazijaza kumi kwa sababu zimepewa. Pampu ilihitaji 20, ikakatwa palepale watu walipoanza kuelewana. Mzee aliyekatwa hapo haoni kwamba muda umekwisha. Anaona amenyamazishwa na kijana mwenye saa. Kugawa muda sawasawa kunaonekana haki kwenye karatasi, lakini mambo hayana uzito sawa. Muda hugawiwa kulingana na idadi ya watu wanaopaswa kusema na ugumu wa kile kinachoulizwa.

Nasema kinachoulizwa, na hapa ndipo ajenda nyingi huharibika. Nina hakika karatasi yako ya mwezi uliopita iliandikwa "Maji", "Usalama", "Taka". Mtu akisoma "Maji" huja na maji yake. Mmoja ataleta bili ya kampuni ya maji, mwingine tangi linalovuja juu ya paa, wa tatu chumvi ya kisima, wa nne mfereji uliokauka wiki nzima. Wote wanasema kweli na wote wako ndani ya ajenda, kwa hiyo mwenyekiti hana njia ya kumrudisha yeyote kwenye mstari, kwani mstari haupo. Sasa tuseme fundi amewaambia kuitengeneza pampu iliyopo ni sh 18,000 na mpya pamoja na kuifunga ni sh 46,000. Andika hivi: "Je, tutengeneze pampu iliyopo kwa sh 18,000 au tununue mpya kwa sh 46,000, na fedha zitoke mfuko gani?" Swali la namna hii lina mwisho. Kila mtu anajua jibu likipatikana jambo limefungwa, na anayeleta bili ya maji anaweza kuambiwa kwa heshima kwamba hilo ni jingine, litaandikwa la kikao kijacho.

Mbele ya kila ajenda ongeza neno moja: taarifa, ushauri au uamuzi. Taarifa ni ya kusikiliza na kuuliza kisichoeleweka. Ushauri ni pale mtu mmoja ndiye atakayefanya kazi na anataka maoni yenu kabla hajaanza. Uamuzi ni pale kamati yenyewe inafunga jambo. Wanakamati wakidhani wanaamua huku mwenyekiti anadhani anawasikiliza tu, kila mmoja anarudi nyumbani na kikao chake kichwani. Ugomvi wenu wa "tuliamua, hatukuamua" naamini nusu yake unaanzia hapo.

Kisha toa kwenye kikao kila kinachoweza kusomwa nyumbani. Kumbukumbu za kikao kilichopita zitumwe kwenye kundi la WhatsApp ndani ya siku moja au mbili, watu wakiwa bado wanakumbuka, ili siku ya kikao kazi iwe ni kuzithibitisha, si kuzisoma neno kwa neno. Taarifa ya mweka hazina iwe mistari mitano: zilizokuwepo, zilizoingia, zilizotoka, zilizobaki, na idadi ya nyumba zinazodaiwa. Idadi inatosha. Majina ya wanaodaiwa yasitupwe kwenye kundi, hayo hushughulikiwa na mweka hazina mlangoni kwa mtu.

Uamuzi wa pampu nao uwe na nusu ukurasa wake. Andika tatizo ni nini, njia zilizopo, bei ya kila njia, dhamana ya fundi ni ya muda gani. Wala usiisahau njia inayosahaulika kila mara, yaani kutofanya lolote, nayo ukaiandikia bei. Mkinunua boza mara mbili kwa mwezi, fedha hizo ziandikwe hapo. Mmeahirisha vikao vitatu mkidhani hamjatumia kitu, na huku mfuko unatoka. Mtu akiona bei ya boza kando ya bei ya pampu, hoja ya "tungoje kidogo" inabidi ijieleze.

Karatasi hizi zitoke Alhamisi kwa kikao cha Jumapili. Ikiwa yupo mzee asiyesoma kwenye simu, mpelekee nakala au mtumie ujumbe wa sauti wa dakika mbili. Usimwache aje asikie bei kwa mara ya kwanza mbele ya watu. Asiyeandaliwa huuliza maswali ya msingi, na maswali ya msingi ya mtu mmoja huwarudisha nyuma wanane.

Kwa kamati yenu, ningeandika ajenda hivi:

Saa 10:15 – Kufungua, akidi, kupitisha ajenda (dakika 3)
Saa 10:18 – Kuthibitisha kumbukumbu. Kazi zilizokabidhiwa mwezi uliopita (dakika 5)
Saa 10:23 – TAARIFA: Hazina, maswali tu (dakika 4)
Saa 10:27 – UAMUZI: Pampu, tutengeneze au tununue, na kwa fedha zipi? (dakika 20)
Saa 10:47 – UAMUZI: Je, mlinzi wa usiku aongezwe sh 2,000 kwa mwezi kuanzia mwezi ujao? (dakika 12)
Saa 10:59 – USHAURI: Siku za kuchukuliwa taka (dakika 6)
Saa 11:05 – Kusoma maamuzi yote. Tarehe ya kikao kijacho (dakika 4)
Saa 11:09 – Akiba ya mwenyekiti (dakika 6)
Saa 11:15 – Kufunga

Tazama nilivyoipanga. Hazina imetangulia pampu kwa sababu hamwezi kuamua kununua bila kujua mfukoni mna nini. Taarifa inayolisha uamuzi hukaa mbele yake, isiyolisha chochote hutumwa kwa simu na haiingii kabisa. Pampu imeingia dakika ya 12, watu wameshatulia na hawajachoka. Wengi huanza na mambo madogo "tuyamalize haraka", na madogo ndiyo yanayovutia maneno, kwa sababu kila mtu ana maoni kuhusu rangi ya lango lakini si kila mtu anajua habari za pampu. Ukiyaweka mbele yatakula muda wa makubwa. Ukiyaweka nyuma yatapata kilichobaki, na mara nyingi kinatosha.

Mlinzi amepewa dakika 12 tu kwa kuwa swali lake ni la ndiyo au hapana na hesabu yake ni fupi: sh 2,000 kwa nyumba 24 ni karibu sh 84 kwa nyumba. Hesabu hiyo iandikwe kwenye karatasi. Watu hubishana sana kuhusu fedha wasizozigawanya. Hata tofauti ya pampu mpya na ya kutengenezwa, sh 28,000, ikigawanywa haifiki sh 1,200 kwa nyumba, na mazungumzo hubadilika ikisemwa hivyo.

Dakika sita za mwisho ni za kuokoa ajenda moja iliyozidi, na mwenyekiti huzitumia mara moja tu. Zisipotumika, kikao kifungwe saa 11:09. Watu wakishaona mara mbili tatu kwamba kikao kinaweza kuisha mapema, wataanza kufika kwa wakati.

Utaona pia sikuweka "Mengineyo". Huo ndio mlango unaowapeleka Magharibi. Jambo linaingia bila karatasi, bila bei, bila swali, wakati watu wamechoka, na mara nyingine linapitishwa ili waondoke. Mwenye jambo alilete kwa katibu kabla ya Alhamisi. La dharura lisemwe pale mwanzoni, wakati wa kupitisha ajenda, na kipimo chake ni kimoja: je, likingoja mwezi ujao kuna madhara? Bomba limepasuka, liingie, na mseme wazi ni ajenda ipi inaliachia nafasi. Mengine yaandikwe kwenye orodha ya kikao kijacho, mwenyewe akiona yanaandikwa.

Kuhusu salamu, mimi sikubaliani na wanaotaka kuzifuta ili kuokoa muda. Watu wa jengo moja wanaokutana mara moja kwa mwezi wana mgonjwa wa kuulizana, wana harusi, wana msiba. Waalikeni saa 10:00, pawe na kahawa na tende au kaimati, na saa ianze 10:15. Robo saa hiyo si ya kikao na haimo kwenye kumbukumbu. Ukiifuta, salamu zitaingia ndani ya ajenda ya kwanza, na hapo huna namna ya kuzizuia.

Sasa tuingie ndani ya zile dakika 20 za pampu, maana muda ulioandikwa bila kupangwa ndani yake haumsaidii mtu. Dakika tatu aliyeandika karatasi anaeleza kwa ufupi, akijua wenzake wameisoma. Dakika tisa ni za mzunguko, kila mmoja dakika moja, mwenyekiti wa mwisho. Dakika tano mnarudi kwenye lile hasa mnalotofautiana, na baada ya mzunguko huwa limejitokeza. Mara nyingi ni moja, kwa mfano dhamana ya fundi, si pampu yenyewe. Dakika tatu za mwisho ni za kuandika na kusoma azimio. Hizo tatu zisikopwe na yeyote. Kikao kinachozungumza hadi sekunde ya mwisho kisha kinasema "basi tumekubaliana" hakijakubaliana.

Mzunguko una faida nyingine kwa kamati yenye wazee na vijana. Mzee akisema kwanza, nani kati ya vijana atamkosoa hadharani? Watanyamaza, kisha watalalamika ngazini. Kwa hiyo waanze wadogo, wakubwa wafuate, mwenyekiti afunge. Zungumza na wazee wenyewe kabla, waeleze kwamba neno lao litakuja baada ya kusikia yote. Sijaona mzee aliyeelezwa hivyo akakasirika, kwa sababu kweli anapewa nafasi ya heshima.

Anayeshika saa asiwe wewe. Katibu anaandika, na mtu hawezi kuandika azimio huku anakodolea macho dakika. Asiwe mwenyekiti pia, kwa kuwa akimkatiza mtu itaonekana anapendelea upande. Mpe mjumbe mwingine, zamu kwa zamu kila mwezi, ili hata yule msemaji mkubwa siku moja aishike. Kazi yake ni kutangaza mara mbili, zinapobaki dakika tano na muda unapokwisha. Na aitaje ajenda, asimtaje mtu. "Zimebaki dakika tano za pampu" haimuumizi yeyote. "Mzee, muda wako umekwisha" inaumiza, na kwa sentensi hiyo moja mpango wote unaweza kukataliwa.

Muda ukiisha na hamjafika, fanyeni moja kati ya mambo matatu, na haya myapitishe mapema, siku ambayo hakuna mwenye hasira. La kwanza ni kuongeza muda, mara moja tu, kwa kusema dakika hizo zinatoka wapi: kwenye akiba, au kwenye ajenda ya taka ambayo sasa itangoja. Muda usioondolewa mahali popote ndio unaowachelewesha. La pili ni kukabidhi: "Wajumbe wawili wachague kati ya mafundi hawa wawili, wasizidi sh 46,000, kabla ya Jumamosi." Hili ni zuri sana pale kamati imeshakubaliana jambo kubwa na limebaki dogo. La tatu ni kuahirisha, na hapa uwe mkali. Kuahirisha kukubaliwe tu ikiwa kuna kitu mahususi kinachokosekana, kuna jina la atakayekileta, na kuna tarehe. "Tuliache kwanza" haikubaliki kama jibu. Pampu yenu imeahirishwa mara tatu, na naamini ukifungua daftari hutaona hata mara moja mmeandika mlikuwa mnangoja nini.

Hapo tumefika kwenye maandishi. Makatibu wengi tulijifunza kuandika kumbukumbu shuleni, na tukabaki na tabia ya kuandika nani alisema nini. Kwa kamati ya jengo hilo ni kazi kubwa isiyomfaidi mtu, na huleta ugomvi wake: "Mimi sikusema hivyo." Kinachowafaa ni kilichoamuliwa, pamoja na sababu fupi. Tazama sentensi hii, ambayo nimeiona kwa namna nyingi katika madaftari ya kamati: "Suala la pampu lilijadiliwa kwa kina na ikakubaliwa lishughulikiwe haraka iwezekanavyo." Ukiisoma mwezi ujao, nani alipaswa kufanya nini? Kwa fedha ngapi? Haraka ni lini? Sentensi hiyo inamfaa anayetaka kununua na anayetaka kungoja, ndiyo maana wote waliikubali.

Azimio liwe na mambo haya ndani yake: kitendo, kiasi na mfuko, jina la mwenye kazi, tarehe, na namna lilivyopitishwa. Kwa mfano:

"Azimio 14. Kamati imeamua kununua pampu mpya kwa gharama isiyozidi sh 46,000 pamoja na kuifunga, kutoka mfuko wa matengenezo. Mweka hazina na mjumbe wa ghorofa ya pili watainunua na kusimamia ufungaji kabla ya Jumamosi ya pili ya mwezi, na wataleta risiti na karatasi ya dhamana kikao kijacho. Sababu: pampu iliyopo imetengenezwa mara mbili na fundi hatoi dhamana ya matengenezo. Waliounga mkono 7, waliopinga 2."

Sababu ile ya mstari mmoja usiiache. Mtu akitaka kulifufua jambo mwezi ujao, mwenyekiti atamuuliza kama sababu hiyo imebadilika. Ikiwa fundi sasa anatoa dhamana, ana haki, lirudi kwenye ajenda kama swali jipya. Ikiwa halijabadilika lolote, jibu liko kwenye daftari. Na wale wawili waliopinga waandikwe idadi yao. Watu hudhani kuandika wapinzani ni kuvunja umoja. Mimi naona kinyume: aliyepinga akihesabiwa hana haja ya kupinga tena nje.

Lakini jambo linaloponya ugomvi wenu kuliko yote ni kulisoma azimio kwa sauti hapo hapo, kabla ya kuingia ajenda inayofuata. Sema, "Mwenyekiti, naomba nisome nilichoandika." Soma polepole. Kisha mwenyekiti aulize, "Kuna asiyeafiki maneno haya?" na angoje kidogo. Utashangaa. Mmoja atasema, "Aah, mimi nilidhani tunatafuta bei kwanza." Mwingine atasema alielewa fedha zitachangwa upya na si kutoka mfukoni. Walikuwa wanaitikia kwa vichwa dakika tano zilizopita, kila mmoja akiitikia jambo lake. Tofauti hiyo ikijitokeza mezani inarekebishwa kwa kubadilisha maneno matatu. Ikijitokeza baada ya mwezi, imeshakuwa ugomvi. Na ujue kwamba kimya cha watu si ridhaa mpaka wameulizwa kuhusu maneno yaliyosomwa. Swali la "tumekubaliana, sivyo?" huitikiwa na kila mtu anayetaka kwenda nyumbani.

Rasimu ya azimio unaweza kuiandika nyumbani kabla, ukaacha nafasi ya kiasi, jina na tarehe. Haina maana umeshawaamulia, kwani unaweza kuandika rasimu mbili, moja kwa kila njia. Inakuokoa tu kutunga sentensi mbele ya watu tisa wanaokuangalia.

Kisha tenga daftari la pili, mbali na la kumbukumbu, la maamuzi tu. Kila ukurasa uwe na nambari ya azimio, tarehe, maneno yake, mwenye kazi, siku ya mwisho, na nafasi ya kuandika "limekamilika" au "bado". Nambari ziendelee tu, zisianze upya kila kikao. Ile ajenda ya saa 10:18 ni ya kulipitia daftari hili: katibu anasoma nambari, mwenye kazi anajibu kwa neno moja, limekamilika au bado. Akisema bado, anataja tarehe mpya, na mnasonga. Hadithi ya kwa nini bado haisimuliwi hapo, labda awe anahitaji kamati imwondolee kikwazo. Mtu akiuliza kama jambo liliamuliwa, hamjadili kumbukumbu za vichwa vyenu, mnafungua daftari. Lisipokuwemo halikuamuliwa, hata kama wote mnakumbuka mlilizungumza.

Kuhusu akidi, angalia katiba yenu inasema nini. Ikisema theluthi mbili, basi sita kati ya tisa. Saa 10:15 mkiwa watano, anzeni na hazina maana hiyo ni taarifa, lakini msipitishe azimio wala kuthibitisha kumbukumbu mpaka wa sita aingie, na uandike saa aliyoingia. Anayechelewa asirudishiwe hadithi. Asomewe azimio lililopita kama lipo, basi.

Mpango huu una mipaka yake. Usiutumie kwa mashtaka ya jirani dhidi ya jirani. Mtu aliyeumizwa akipewa dakika moja ya mzunguko atatoka ameumia mara mbili, hilo liitiwe baraza lake pekee, watu wachache, bila saa. Usiutumie kwa uchaguzi wa viongozi wala kwa mambo ambayo katiba imeyaachia mkutano mkuu. Na kabla ya kikao cha pampu jiulize pampu ni ya nani. Kama jengo ni la mwenye nyumba mmoja na ninyi ni wapangaji, huenda uamuzi wenu sahihi ni kumwandikia yeye, si kuchanga. Kama kila nyumba ina hati yake chini ya sheria ya 2020 ya umiliki wa sehemu za majengo, wenye nyumba wana chombo chao cha kisheria, na kamati ya wakazi haiwezi kuwafunga kwa gharama. Dakika 20 za mjadala mzuri zitapotea ikiwa mlioketi hamna mamlaka.

Yapo pia yanayohitaji mtu wa kuketi naye ana kwa ana. Fedha zikiwa hazilingani na risiti, msijadili kwenye kikao cha saa moja; tafuteni mtu wa nje anayejua hesabu akague vitabu kwanza. Mkiwa mmesajiliwa kama kikundi cha jamii chini ya sheria ya 2022, afisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo ya Mvita anaweza kuwasaidia kusoma katiba yenu, hasa penye mzozo wa akidi au wa uongozi. Suala la mlinzi likivuka nyongeza na kuingia kwenye kumfukuza au kumpunguzia mshahara, muulizeni afisa wa kazi kabla hamjaandika azimio, kwa sababu azimio lililoandikwa vizuri kinyume cha sheria ya ajira ni ushahidi dhidi yenu.

Na kabla ya haya yote, mwendee mwenyekiti nyumbani kwake wiki hii na rasimu ya ajenda mkononi. Akiikubali, yeye ndiye aitangaze, na muipitishe kwa vikao vitatu tu vya majaribio, kwa azimio lenye nambari, kisha mwulizane. Akiikataa yote, mwombe akubali sehemu moja, ya kusomwa kwa kila azimio kabla ya kuendelea. Hiyo haihitaji saa wala haimkatizi mzee yeyote, na ndiyo ningeanza nayo hata kama ingekuwa peke yake.